Nomografu, fomula au njia ya mkato: upate K ya udongo wako kwa ipi?

Anayepanga kazi ya hifadhi ya udongo kwenye bonde hufika mahali anahitaji namba moja kwa kila shamba: udongo huu ni mwepesi kiasi gani kumomonyoka, ukiacha mteremko wake, mvua inayoupiga na mazao yaliyo juu yake? Namba hiyo ndiyo K katika mlingano wa USLE, unaokadiria tani za udongo zinazopotea kwa mwaka.

Njia halisi ya kuipata K ni kuipima. Unatenga kipande cha ardhi chenye urefu wa mita 22.1 na mteremko wa asilimia 9, unakilima kutoka juu kwenda chini, unakiacha kitupu bila hata jani, kisha unakusanya na kupima udongo unaoshuka kwa kila mvua, miaka kadhaa mfululizo. Vipande vya kupimia mtiririko na mmomonyoko vimekuwapo Mpwapwa tangu miaka ya 1930, lakini mradi wenye miezi sita na hela ya sampuli ishirini hauwezi kusubiri hivyo. Ndiyo maana mwaka 1971 Wischmeier, Johnson na Cross wa Marekani walichapisha nomografu, mchoro wa mistari unaokupa K ukijua mambo manne tu: ukubwa wa chembe za udongo, mboji, muundo, na jinsi maji yanavyopenya.

Leo mtu ana njia tatu mbele yake. Anaweza kuusoma mchoro wenyewe kwa penseli na rula. Anaweza kutumia fomula iliyotokana na mchoro huo. Au anaweza kuchukua njia ya mkato, fomula ya modeli ya EPIC, ambayo haiulizi muundo wala upenyezaji wa maji. Inataka asilimia za mchanga, silti na mfinyanzi pamoja na kaboni, basi. Wengi huichagua hii ya tatu kwa kuwa takwimu zake zinapatikana bure kwenye ramani za iSDAsoil na SoilGrids. Nitazilinganisha zote tatu kwa udongo wa aina mbili, kwa sababu tofauti yake haionekani kwenye maelezo. Inaonekana kwenye hesabu.

Udongo wenyewe

Udongo wa kwanza tuuite A. Ni tifutifu ya kichanga ya nyanda kavu, aina unayoweza kukutana nayo ukitembea Kondoa au Mpwapwa. Mfinyanzi ni asilimia 15, silti 20, mchanga laini sana 15, na mchanga uliobaki 50. Mboji ni asilimia 1. Ukikauka unakuwa bonge moja lisilo na chembechembe zinazoachana, na chini ya jembe, kama sentimita 35 hivi, kuna tabaka gumu ambalo maji hulipita kwa shida.

Wa pili, B, ni udongo mwekundu wa nyanda za juu zenye mvua, kama ule wa Kabete au milima ya Usambara. Mfinyanzi ni asilimia 65, silti 20, mchanga laini sana 5, mchanga uliobaki 10, mboji 3. Ukiuchota kwa mkono unavunjika kuwa punje za wastani, na shimo la mita moja na nusu halina tabaka linalozuia maji. Namba hizi ni za mfano, lakini ni za kawaida kwa udongo wa namna hiyo.

Neno moja kuhusu chembe kabla hatujaendelea. Silti ni chembe za kati ya milimita 0.002 na 0.05, laini kama unga kwenye vidole. Mchanga laini sana ni wa milimita 0.05 hadi 0.1. Maabara huuhesabu kama mchanga, lakini mbele ya maji una tabia ya silti: haushikani kama mfinyanzi, wala hauna uzito wa kuhimili maji kama mchanga mnene. Nomografu inauondoa kwenye mchanga na kuujumlisha na silti. Hapo ndipo makadirio mengi yanapoharibika, na nitaparudia.

Kusoma mchoro kwa mkono

Unaanzia upande wa kushoto, kwenye asilimia ya silti pamoja na mchanga laini sana. Unakwenda mlalo hadi kwenye mkunjo wa asilimia ya mchanga uliobaki, yaani ule wa milimita 0.1 hadi 2. Kutoka hapo unakwenda wima hadi kwenye mstari wa mboji, yenye mistari ya 0 hadi 4. Kisha unakwenda mlalo kulia, na njiani unavuka kipimo kinachokupa K ya awali. Kwa udongo wenye muundo wa punje ndogo na upenyezaji wa wastani, unaweza kuishia hapo. Vinginevyo unaendelea mlalo hadi mstari wa muundo, unashuka hadi mstari wa upenyezaji, na unarudi kushoto kusoma K ya mwisho.

Mchoro huu una mfano wake wa kujipimia unaojulikana: silti na mchanga laini sana 65, mchanga 5, mboji 2.8, muundo namba 2, upenyezaji namba 4. Jibu ni 0.31. Mtu akinionyesha jedwali lake la Excel la K, la kwanza ninalofanya ni kuingiza namba hizo tano. Lisipotoa 0.31, hakuna haja ya kuangalia mengine.

Ubora wa mchoro ni kwamba unaona unakokwenda. Penseli ikifika kwenye mstari wa muundo unaona K inavyoruka, na unajua ni kitu gani kimeirusha. Pia mikunjo yake inapinda pale silti na mchanga laini sana vinapozidi asilimia 70, jambo ambalo fomula hailifuati. Ubaya wake ni kwamba nakala nyingi zinazozunguka zimepigwa chapa juu ya chapa hadi mistari imenenepa, na watu wawili wakisoma udongo uleule hawapati namba moja. Kwa sampuli tano haina shida. Kwa mia mbili, hapana.

Fomula ya nomografu

Fomula inafanya kazi ileile kwa hesabu:

```
M = (silti + mchanga_laini_sana) * (100 - mfinyanzi)
100K = 0.00021 * M^1.14 * (12 - a) + 3.25*(b - 2) + 2.5*(c - 3)
```

Hapo `a` ni asilimia ya mboji, `b` ni namba ya muundo kuanzia 1 hadi 4, na `c` ni namba ya upenyezaji kuanzia 1 hadi 6. Maabara nyingi huleta kaboni badala ya mboji. Zidisha kaboni kwa 1.724 kwanza.

Tuupitishe udongo A. Silti 20 na mchanga laini sana 15 ni 35. Mara 85 (100 toa 15 za mfinyanzi), M ni 2975. Ukiipandisha kwenye kipeo cha 1.14 unapata karibu 9115. Zidisha kwa 0.00021, kisha kwa 11 (12 toa mboji 1): 21.1. Muundo ni bonge, namba 4, unaongeza 6.5. Upenyezaji, kwa sababu ya lile tabaka gumu, ni namba 4, unaongeza 2.5. Jumla 30.1, kwa hiyo K ni 0.30.

Udongo B: 25 mara 35, M ni 875. Sehemu ya kwanza inatoa 4.3 tu. Muundo wa punje za wastani ni namba 3, unaongeza 3.25. Upenyezaji mzuri, namba 2, unapunguza 2.5. Jumla 5.0, K ni 0.05. Udongo A ni mwepesi kumomonyoka mara sita zaidi ya B.

Fomula ina mipaka mitatu ya kuiwekea ulinzi kwenye jedwali lako. Wa kwanza nimeutaja: juu ya asilimia 70 ya silti na mchanga laini sana inatoa K kubwa kupita kiasi, na hapo rudi kwenye mchoro. Wa pili ni mboji. Mchoro unakomea 4, lakini fomula haijui kukoma. Ukiipa udongo wa majivu ya volkano wa Rungwe au Meru wenye mboji 10, sehemu ya kwanza inakaribia kufutika, na ukifika 12 inakuwa sifuri. Kata mboji kwenye 4. Wa tatu ni mchanga wa pwani: silti kidogo, maji yanapenya upesi, `c` ni 1, na fomula inatoa K hasi. K hasi ni dalili kwamba umetoka nje ya udongo uliotumika kutengeneza fomula. Usiigeuze kuwa sifuri kimyakimya ukaendelea kana kwamba umepima.

Kwenye Excel, ikiwa silti iko B, mchanga laini sana C, mfinyanzi D, mboji E, muundo F na upenyezaji G:

```
=(0.00021*((B2+C2)*(100-D2))^1.14*(12-MIN(E2,4))+3.25*(F2-2)+2.5*(G2-3))/100
```

Njia ya mkato ya EPIC

```
K = (0.2 + 0.3*exp(-0.0256*SAN*(1 - SIL/100)))
    * (SIL/(CLA + SIL))^0.3
    * (1 - 0.25*C/(C + exp(3.72 - 2.95*C)))
    * (1 - 0.7*SN1/(SN1 + exp(-5.51 + 22.9*SN1)))
```

`SAN` ni mchanga wote, pamoja na ule laini sana, `SIL` silti, `CLA` mfinyanzi, `C` kaboni, si mboji, na `SN1` ni `1 - SAN/100`. Angalia ile 0.0256. Inazunguka pia ikiwa imeandikwa 0.256, sifuri moja imedondoka, na ukiinakili hivyo sehemu ya kwanza inabaki 0.2 kwa karibu kila udongo wenye mchanga. Kwa udongo A namba sahihi inatoa K ya 0.23, namba iliyodondoka sifuri inatoa 0.16.

Sasa weka matokeo upande kwa upande:

| Njia | Udongo A | Udongo B | A kwa B |
|---|---|---|---|
| Fomula ya nomografu, vipimo vyote | 0.30 | 0.05 | mara 6 |
| EPIC | 0.23 | 0.21 | karibu sawa |
| Nomografu bila mchanga laini sana, udongo A | 0.20 | – | – |
| Nomografu, `b` na `c` za kukisia kwa jina la udongo, udongo B | – | 0.18 | – |

Mistari miwili ya kwanza ndiyo inayostahili kukusimamisha. Ikiwa hela ya fanya juu inatosha upande mmoja tu wa bonde, nomografu inakuambia uanze na A bila kusita. EPIC inakuambia ni yaleyale, chagua kwa mteremko.

Sababu ya tofauti hiyo iko ndani ya fomula ya EPIC. Haina mahali pa kuweka kwamba mfinyanzi wa B umejifunga kuwa punje ambazo tone la mvua halizivunji upesi, wala kwamba maji yanazama badala ya kutiririka. Mchanga ukiwa kidogo, sehemu ya kwanza inapanda. Kaboni, hata iwe nyingi namna gani, haiwezi kupunguza zaidi ya robo. Kwa hiyo udongo wenye mfinyanzi mwingi unabaki katikati, hauendi chini sana wala juu sana. Kwenye ramani ya nchi nzima, ambako unatafuta picha ya jumla na huna shimo hata moja la udongo, hilo linavumilika. Kwenye kuchagua mashamba ya bonde moja, hasa lenye udongo mwekundu upande mmoja na wa kichanga upande mwingine, sikubali litumike peke yake.

Mahali nomografu inapoharibiwa na mtumiaji

Mstari wa nne wa jedwali unahitaji maelezo, kwa kuwa hapo nomografu inageuzwa kuwa mbaya karibu sawa na EPIC.

Mwongozo wa RUSLE, mrithi wa USLE, una jedwali la kukadiria upenyezaji kwa jina la udongo pale ambapo huna kipimo. Mfinyanzi umepewa namba 6, upenyezaji wa chini kabisa. Tifutifu ya kichanga imepewa 2. Kwa mfinyanzi wa bondeni unaovimba na kupasuka, ule mweusi wa mbuga, 6 ni sawa. Kwa udongo mwekundu wa Kabete ni kinyume cha ukweli. Mtu akiandika `c` 6, na kwa kuwa "ni mfinyanzi" akaandika pia muundo 4, K ya B inaruka kutoka 0.05 hadi 0.18, mara tatu na nusu, bila chembe hata moja ya udongo kubadilika. Na jedwali hilohilo litampa udongo A namba 2, litaficha lile tabaka gumu, na K itashuka kutoka 0.30 hadi 0.25.

Kwa hiyo `b` na `c` zitoke shambani. Kwa muundo, chimba kwa koleo bonge la sentimita 20 la tabaka la juu likiwa na unyevunyevu, liachie lianguke kutoka usawa wa kiuno juu ya ubao, kisha tazama kilichobaki. Likisambaa kuwa punje ndogo sana ni 1. Punje ndogo ni 2. Punje za wastani au kubwa ni 3. Likivunjika vipande vyenye kona, au vigae bapa, au likabaki bonge, ni 4. Fanya hivyo pale ambapo jembe limepita msimu uliopita, si siku ya kulima, maana jembe linatengeneza punje za uongo zinazotoweka kwa mvua ya pili.

Kwa upenyezaji, kumbuka kwamba namba ni ya wasifu mzima wa udongo, na inaamuliwa na tabaka linalochelewesha maji kuliko yote. Pete ya kupimia iliyowekwa juu ya udongo A itakuonyesha maji yanazama vizuri kwa nusu saa ya kwanza, ndiyo maana wengi wanaupa 2. Chimba. Mizizi iliyokunjika na kutambaa pembeni, madoa ya kutu na kijivu, au udongo mkavu chini ya uliolowa siku moja baada ya mvua kubwa, vyote vinakuonyesha tabaka lilipo. Pima kwenye tabaka hilo. Kiwango kikiwa zaidi ya milimita 61 kwa saa ni 1. Kati ya 20 na 61 ni 2. 5 hadi 20 ni 3. 2 hadi 5 ni 4. 1 hadi 2 ni 5. Chini ya 1 ni 6.

Mchanga laini sana

Udongo A bila mchanga laini sana unatoa 0.20 badala ya 0.30. Theluthi ya K imepotea kwa sababu ya safu moja iliyoachwa wazi kwenye fomu ya maabara. Ndilo kosa la kawaida kuliko yote, na ni rahisi kulitambua: ukiona ripoti ya maabara ina mchanga, silti na mfinyanzi tu, na mtu tayari ana K, muulize mchanga laini sana aliupata wapi.

Kuupima hakuhitaji mtambo mpya. Maabara ikishamaliza kusoma haidromita, ile silinda ya maji ya udongo haimwagwi. Inapitishwa kwenye chekeche la milimita 0.053, inaoshwa kwa maji hadi yanayotoka chini yawe meupe, kinachobaki kinakaushwa kwenye tanuri na kupimwa uzito. Huo ndio mchanga wote. Kisha unatikiswa juu ya chekeche la milimita 0.106, unaopita ndio mchanga laini sana. Ni kazi ya ziada ya dakika chache kwa sampuli, lakini lazima uiombe kabla hujapeleka, maana silinda ikishaoshwa sampuli imekwenda. Uliza pia wanakata silti kwenye ukubwa gani. Maabara inayotumia mpaka wa milimita 0.02 badala ya 0.05 itakupa silti ndogo, na K ndogo vilevile, huku ripoti ikionekana safi kabisa.

Ikiwa sampuli zilishapimwa zamani, kuna makadirio yanayokubalika: chukua mchanga laini sana kuwa asilimia 20 ya mchanga wote. Kwa udongo A ni 13 badala ya 15, na K inakuwa 0.29. Si mbaya hata kidogo. Ila usiyatumie kwa mchanga wa chengachenga uliotokana na miamba ya graniti, ambao laini yake ni haba. Hapo chekecha hata sampuli tatu nne uone kama 20 inasimama.

Udongo mwekundu, kwa uangalifu

Nimesema nomografu inautendea haki udongo B kuliko EPIC. Sijasema 0.05 ni kweli kama namba iliyopimwa. Nomografu ilijengwa kwa mvua ya kutengenezwa iliyonyeshewa udongo 55 wa ukanda wa mahindi wa Marekani, mwingi wake wa kati, wenye silti tele. Watafiti walipoijaribu kwenye udongo wa volkano wa Hawaii miaka ya 1970 haikulingana vizuri na vipimo, na El-Swaify na Dangler wakalazimika kutengeneza mlingano mwingine. Tatizo ni kwamba maabara huyeyusha punje zote kwa kemikali kabla ya kupima, wakati shambani mvua inakutana na punje nzima. Udongo wenye madini mengi ya chuma na alumini unaweza kukaidi hata kemikali hiyo. Mfinyanzi wake unabaki umefungana katika ukubwa wa silti, maabara inaandika silti, na K inapanda bila haki. Unaweza kuugundua kwa mkono: lowesha kiganja kidogo cha udongo, usugue kwa dakika kadhaa. Ukiwa unazidi kunata kadiri unavyosugua, zile "silti" zilikuwa mfinyanzi, na M yako ni kubwa mno. Omba maabara irudie kwa kutikisa muda mrefu zaidi.

Kwa hiyo kwa udongo wa namna hii naitumia nomografu kupanga mashamba kwa daraja, lipi litangulie na lipi lifuate, na sitegemei tani zake. Tani nikizihitaji kwa udongo mwekundu, natafuta vipimo vya vipande vya mmomonyoko kutoka udongo unaofanana. Kwa udongo A, ambao hauko mbali sana na ule uliotumika kuijenga, tani zake nazichukulia kwa uzito zaidi.

Basi uchague ipi

Ukiwa na ripoti ya maabara yenye mchanga laini sana na umeshachimba mashimo, tumia fomula, na uchukue mchoro kwa sampuli zile tu zenye silti na mchanga laini sana zaidi ya 70. Ukiwa na mchanga, silti na mfinyanzi tu lakini unaweza kwenda shambani, bado chagua nomografu kwa makadirio ya asilimia 20, na hela ya mafuta itumie kwa koleo na shimo kuliko kuongeza sampuli. Jedwali la B limeonyesha kwamba `b` na `c` zinaweza kusogeza K kuliko maabara. EPIC ibakie kwa ramani ya mkoa au nchi ambayo hakuna atakayekwenda kuichimba, na uandike wazi chini yake kwamba udongo mwekundu wa mfinyanzi umekadiriwa juu mno.

Njia yoyote kati ya hizi inakupa K kwa vizio vya Kimarekani. Ikiwa thamani yako ya mvua, R, iko katika vizio vya kimataifa, na nyingi za ukanda wetu zinakuja kwa maelfu ya MJ·mm kwa hekta kwa saa kwa mwaka, zidisha K kwa 0.1317 kwanza: A inakuwa 0.040 na B 0.007. Ukiona K ya kimataifa imezidi 0.1, au jibu la mwisho linasema shamba la kawaida linapoteza tani elfu kadhaa kwa hekta kwa mwaka, kizidisho hicho ndicho kilichosahaulika.